Kitufe kilichojificha chini ya skrini: nilivyoachana na 100vh

"Mwanangu, hicho kitufe unachokisema mbona mimi sikioni?"

Aliyenipigia ni mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo. Nilikuwa nimemkabidhi tovuti yake siku mbili kabla. Ukurasa wa kwanza ulifunguka kwa picha ya ufukwe iliyojaza skrini nzima, jina la nyumba katikati, na chini kabisa kitufe cha "Weka nafasi". Kwenye kompyuta yangu kilionekana vizuri, hata nilipobana dirisha la Chrome likae kwa vipimo vya simu. Kwenye simu ya mama, kitufe kilikuwa kimezama chini ya ukingo wa skrini, na picha ilivyojaza vile hapakuwa na dalili kwamba kuna kitu zaidi huko chini. Mgeni anaona picha nzuri, anafunga, anaondoka.

Nilichomeka simu yangu ya Android kwenye kompyuta, nikafungua `chrome://inspect`, nikauliza vipimo viwili:

```js
document.querySelector('.mwanzo').offsetHeight // 728
window.innerHeight // 672
```

Sehemu ile ya picha ilikuwa na kimo cha pikseli 728, lakini nafasi inayoonekana ilikuwa 672. Zilizozidi ni 56, ambazo ndizo kimo cha upau wa anwani wa Chrome kwenye simu hiyo. Kitufe kilikuwa kimekaa humo humo.

Chanzo ni mstari ambao wengi wetu tunauandika bila kufikiri: `height: 100vh`. Kwenye simu, upau wa anwani hujificha ukisogeza ukurasa kwenda juu na hurudi ukiushusha. Kwa hiyo skrini ina vimo viwili, na kivinjari lazima kichague `vh` ipimwe kwa kipi. Safari ya iPhone ilichagua kile kirefu, cha upau uliojificha, na Chrome ya Android ikafuata mwaka 2017 kuanzia toleo la 56. Walifanya hivyo kwa makusudi, ili ukurasa usirukeruke kila upau unapoingia na kutoka. Matokeo yake, mgeni anapofika mara ya kwanza upau uko wazi, na `100vh` inakuwa imezidi nafasi aliyonayo.

Kwenye kompyuta huwezi kuliona hili. Ile hali ya kuiga simu haina upau unaojificha, kwa hiyo vipimo vyote vinatoa jibu moja. Shika simu halisi.

Dawa iko ndani ya CSS yenyewe. `svh` hupima kimo kidogo, upau ukiwa wazi. `lvh` hupima kimo kikubwa, upau ukiwa umejificha. `dvh` hufuata hali ilivyo kwa wakati huo, ikibadilika upau unapoingia au kutoka. Kwenye simu yangu, `100svh` ni 672, `100lvh` ni 728, na `100dvh` ni mojawapo kati ya hizo kutegemea upau uko wapi.

Mara ya kwanza nilifanya kile ambacho karibu kila mtu anakifanya: nilibadilisha kila `vh` kuwa `dvh`. Kitufe kikatokea, nikafurahi, kisha nikaanza kusogeza ukurasa. Upau ulipojificha, sehemu ilirefuka kutoka 672 hadi 728 mbele ya macho yangu. Jina la nyumba lililokuwa katikati lilishuka kwa pikseli 28, picha ya ufukwe ikajivuta kidogo ili ijaze nafasi mpya, na maelezo ya vyumba yaliyofuata yakasukumwa chini. Nilipoushusha ukurasa, vyote vikarudi. Na usitegemee mabadiliko hayo yawe laini, kwa sababu kivinjari hakilazimiki kuyaendesha sambamba na mwendo wa upau. Mtu anayesoma anahisi mtikisiko hata kama hajui umetoka wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: sehemu iliyo ndani ya ukurasa unaosogezwa, ipe `svh`.

```css
.mwanzo {
  min-height: 100vh;
  min-height: 100svh;
}
```

Kitufe kinaonekana tangu ukurasa unapofunguka, na hakuna kinachotikisika baadaye. Gharama yake ni ndogo: upau ukijificha, zile pikseli 56 za chini zinaonyesha mwanzo wa sehemu inayofuata. Mimi naona hiyo ni faida, maana inamwambia mgeni kwamba ukurasa unaendelea.

Angalia pia kwamba nimeandika `min-height`. Mama huyu anatumia maandishi makubwa kwenye simu yake, na wapo watakaoilaza simu kwa upana. Ukifunga kimo kwa `height`, maandishi yakizidi yatamwagika juu ya sehemu inayofuata.

Mstari wa kwanza wenye `100vh` ni wa simu za zamani. Vipimo hivi vilianza na Safari 15.4 na Firefox 101, kisha Chrome 108, zote mwaka 2022. Simu yenye Android 6 imeishia Chrome 106, na iPhone 6 imeishia iOS 12, kwa hiyo haziujui mstari wa pili. Zinauruka na kubaki na wa kwanza. Ukigeuza mpangilio, `vh` itashinda kila mahali na utadhani dawa haifanyi kazi. Kwa ajili ya simu hizo nilikipandisha kitufe, kikakaa pikseli 80 kutoka chini ya picha, ili hata `100vh` ikizidi kisizame.

`dvh` yenyewe ina mahali pake: vitu vinavyofunika skrini nzima na kubaki hapo. Menyu ya tovuti ile ilikuwa hivyo, ikiwa na namba ya simu chini kabisa. Mtu anaweza kuifungua upau ukiwa wazi au umejificha, na hali zote mbili inatakiwa ifike ukingoni bila kuzidi.

```css
.menyu {
  position: fixed;
  inset: 0 0 auto 0;
  height: 100vh;
  height: 100dvh;
  overflow-y: auto;
}
```

Usitarajie `dvh` ishughulikie kibodi. Kwa kawaida kibodi ikipanda, `dvh` haipungui, hivyo kitufe cha "Tuma" kilichobandikwa chini ya fomu kitafunikwa. Fomu ya kuweka nafasi niliiacha isogezwe kama ukurasa wa kawaida, na kitufe kikafuata baada ya kisanduku cha mwisho.

Wakati mwingine sehemu inazidi na upau hauna kosa. Kuna jaribio jepesi: sogeza hadi upau ujifiche, kisha ipange sehemu ianzie juu kabisa ya skrini. Ikitoshea sawasawa, tatizo ni upau, au kitu kinachochukua nafasi kabla ya sehemu. Ikizidi bado, tafuta kwingine. Kwenye kazi nyingine nilihangaika hadi nilipogundua kichwa cha tovuti chenye pikseli 64 kilikuwa kinachukua nafasi yake kabla ya sehemu, wala hakikuwa kimelala juu ya picha. Pale jibu lilikuwa `calc(100svh - 64px)`. Na ukitumia Tailwind, kumbuka `min-h-screen` ni `100vh` ile ile; tangu toleo la 3.4 ipo `min-h-svh`.

Nilipomaliza nilimtumia mama kiungo tena, nikamwomba aufungue bila kugusa kitu. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akanisomea maandishi ya kitufe: "Weka nafasi."