Mita 24 za bomba la choo: mtaro utafika kina gani kwenye tenki?

Hapa Mbeya ardhi tambarare ni ya kubahatisha. Ndiyo maana fundi akikuambia mtaro wa bomba la choo "utashuka sentimita 60", usianze kuchimba kwa neno hilo peke yake. Sentimita 60 ni mshuko wa bomba. Kina cha mtaro kule mwisho ni hesabu nyingine, na ndicho kinachoamua tenki la septiki liende chini kiasi gani.

Chukua kazi moja ya Uyole. Kutoka chemba ya mwisho ya nyumba hadi mahali mama mwenye nyumba alipotaka tenki palikuwa na mita 24, na bomba ni la inchi 4. Mteremko tunaoutumia sana kwa bomba hilo ni 1:40, yaani kila mita linashuka sentimita 2.5. Gawanya 24 kwa 40, unapata mita 0.60. Kwenye chemba, tumbo la ndani la bomba, yaani chini kabisa ndani yake, lilikuwa mita 0.45 chini ya ardhi. Kama kiwanja kingekuwa sawa, kule mwisho lingekuwa mita 1.05.

Lakini kiwanja kilipanda kuelekea nyuma, na kwa macho huwezi kujua kimepanda kiasi gani. Tulitumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, tukahakikisha hauna mapovu, maana povu moja linakudanganya. Kwenye chemba, maji yalisimama mita 1.20 juu ya ardhi. Kwenye tenki, mita 0.85. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, kwa hiyo ardhi imepanda mita 0.35. Sasa jumlisha: 0.45, na 0.60, na 0.35, inakuwa mita 1.40. Ongeza sentimita 10 za mchanga wa kulalia bomba, mtaro unafika mita 1.50.

Mama akauliza, "Fundi, si ulisema sentimita 60?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu gharama haiishii kwenye mtaro. Bomba likiingia tenki mita 1.40 chini ya ardhi, na tenki linahitaji kina cha maji cha mita 1.5, unachimba karibu mita 3 kabla hujamwaga zege la chini. Na shimo la kunyonya maji nalo linashuka, kwa sababu linapokea chini ya hapo.

Ukilegeza mteremko uwe 1:60, mshuko unakuwa mita 0.40 na mtaro mita 1.30. Umeokoa sentimita 20, ila sasa kila mita inashuka chini kidogo ya sentimita 1.7, na kosa dogo la kulaza linaacha sehemu ya bomba bila mteremko. Mimi nakubali hilo pale tu ninaposimamia ulazaji mwenyewe. Nilichomshauri mama ni kuhamishia tenki upande wa chini wa kiwanja. Kule urefu ni mita 18, mshuko mita 0.45, na ardhi inashuka mita 0.30, kwa hiyo ardhi inakulipa. Tumbo la bomba linaishia mita 0.60, mtaro mita 0.70. Alikubali.

Kama huna pa kuhamia, chimba ule wa mita 1.50 kwa utaratibu. Piga vigingi kila mita 4, na kila kigingi ukiwekee alama ya usawa ule ule wa mpira wa maji. Usivute kamba moja mita 24, italegea katikati. Kutoka alama hadi chini ya mtaro pima mita 1.75 pale chemba, kisha ongeza sentimita 10 kwa kila kigingi. Kwenye tenki utasoma 2.35, ukitoa 0.85 iliyo juu ya ardhi, inabaki 1.50 yako. Udongo wetu wa volkano ukilowa unabomoka, kwa hiyo mtaro wa kina hicho ukingwe kwa mbao au kuta zilazwe kwa mshazari, na udongo uliochimbwa ukae mbali na ukingo.

Laza mabomba ukianzia tenki, vikombe vya maungio vikitazama upande wa chemba. Palipochimbwa kupita kiasi jaza mchanga ulioshindiliwa, kwani udongo mlegevu utatitia na bomba litabonyea. Kabla ya kufukia, mwaga ndoo ya maji kwenye chemba, subiri yaishe, kisha mulika tochi upande mmoja na utazame upande wa pili. Ukiona duara kamili la mwanga, fukia. Ukiona duara limekatwa kwa chini na maji yanang'aa, pale pamebonyea: inua bomba, shindilia mchanga, mulika tena.