Barua mbili za Kirikuu moja

Jumamosi iliyopita nilipewa nusu saa nizungumze na mawakala wapya wa bima hapa Tanga kuhusu kuandika barua za madai. Nilikwenda na bahasha yenye barua mbili, zote nimeziandika mimi, zote za dai moja. Ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikalipwa.

Mteja alikuwa mzee wa Muheza anayebeba machungwa kwa Kirikuu, amekata bima kubwa. Akitoka shamba na mzigo, gari ikagonga jiwe. Sampu ikapasuka, oili ikamwagika. Taa ya oili ilipowaka akazima injini palepale, akatafuta gari ya kumvuta. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, gari imekufa."

Nikaandika kurasa mbili. Nilitaka wale wa ofisini wajue kwamba kazi naijua. Sentensi iliyotuangusha ni hii: "Rejea mada tajwa hapo juu, chombo cha mkatiwa bima kilipatwa na mekanikali brekidauni, hivyo tunaomba indemiti kwa mujibu wa kava husika." Jiwe nilikuja kulitaja ukurasa wa pili, katikati ya aya ndefu.

Jibu likaja fupi: hitilafu za mitambo na uchakavu hazimo kwenye mkataba. Iliniuma, lakini kwa nilichoandika walikuwa sahihi. Bima kubwa hulipa kilichoharibika kwa ajali. Injini iliyojifia yenyewe kwa kuchakaa ni mzigo wa mwenye gari. Neno nililoazima ili nionekane msomi liligeuza ajali ya mzee wa watu kuwa ubovu wa gari.

Barua ya pili niliisoma yote mbele yao. Juu iliandikwa namba ya mkataba na namba ya gari, kisha hivi:

"Naandika kwa niaba ya mteja wangu. Tarehe 14 Julai, saa 10 jioni, akitoka shamba kwenda Muheza mjini, gari iligonga jiwe na sampu ikapasuka. Oili ilimwagika. Taa ya oili ilipowaka alizima injini, na gari ikavutwa hadi gereji. Tunaomba mlipe sampu, oili na gharama ya kuvuta gari, jumla Sh 310,000. Nimeambatisha fomu ya madai, ripoti ya trafiki, picha nne na makadirio ya fundi. Gari bado iko gereji, mkadiriaji wenu anaweza kuja kuiona siku yoyote."

Basi. Mkadiriaji alikuja, akainama chini ya gari, akaona alama ya jiwe kwenye sampu. Ikalipwa, ikatolewa ile sehemu ambayo mkataba unasema mteja abebe mwenyewe.

Tazameni sentensi ya kuzima injini. Angeendelea kuendesha bila oili hadi injini ikashika, kampuni ingesema injini haikuuawa na jiwe, imeuawa na dereva aliyeendelea, na kwa kawaida hapo hailipi zaidi ya sampu. Kwa hiyo kabla hujashika kalamu muulize mteja: taa ilipowaka ulifanya nini? Akikwambia aliendelea, andika kwamba aliendelea. Injini itafunguliwa, beringi zilizokwanguka zitaonekana, na ukweli uliofichwa unaweza kuliangusha dai zima.

Maneno ya ofisini yaacheni ofisini. Hata neno "polisi" ninaandika "mkataba wa bima", kwa sababu mteja akisikia polisi anaona askari, na barua hiyo mteja lazima aisome na kuielewa kabla haijaondoka. Ningemsomea mzee ile ya kwanza, angenikatiza hapohapo: "Mbona jiwe hulisemi?" Sikumsomea. Kwa ajili hiyo gari ililala wiki tisa zaidi katikati ya msimu, na mwaka uliofuata akakata bima kwa wakala mwingine. Tukikutana stendi ya Kange hunisalimia vizuri tu, na mimi moyo huniuma kila mara.

Kijana mmoja alikuja na barua yake niitazame. Gari ya mteja wake ilikuwa imegongana na bajaji. Ilikuwa fupi, Kiswahili safi, nikafurahi, hadi nilipofika mstari wa mwisho: "Mteja wangu anakiri kosa na ameahidi kumlipa mwenye bajaji." Nikamfungulia mkataba. Mikataba ya gari kwa kawaida inamkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, kwa kuwa kampuni ndiyo itakayosimama kujibu dai la mwenye bajaji. Nikamuuliza kama mteja aliahidi kweli. Akasema hapana, yeye ndiye aliyeongeza ili barua iwe na adabu. Tukaufuta mstari ule, pale pakaandikwa gari ilikuwa upande gani wa barabara, bajaji ilitokea wapi, na sehemu gani ziligusana. Akatoka nje kumpigia mteja wake amsomee.