Usiamini kimya cha anwani za zamani

> "Orodha yangu ina anwani 8,000 za barua pepe, nyingine sijaziandikia miaka miwili. Nitume tu, zilizokufa si zitarudi zenyewe?"

Hapana ndugu, hatari ni zile ambazo hazirudi. Sanduku likitelekezwa, mtoa huduma hulifunga, na kwa miezi kadhaa kila barua hurudi na ujumbe kama huu:

```
550 5.1.1 User unknown
```

Baadaye baadhi hufunguliwa tena kama mitego. Mtego hupokea barua kimyakimya, na mwenye mtego anajua kuwa anayeandika hapo hasafishi orodha yake. Wewe ulinyamaza kipindi kile cha kurudishiwa, kwa hiyo onyo lilikupita. Utakachoona ni barua za wasomaji wako halisi kuanza kuangukia kwenye taka.

Chuja kwa kuangalia nani amebofya kiungo ndani ya barua. Hesabu ya kufungua inadanganya, maana hutegemea picha kupakuliwa, na programu nyingine hupakua picha zenyewe. Waliokaa miaka miwili bila barua wala kubofya, waache kabisa. Wasiobofya kwa miezi sita hadi kumi na miwili watumie barua moja ya kuthibitisha, mia mia kwa siku, asiyebofya, msimamishe. Usimfute, la sivyo siku ukipakia faili la zamani litamrudisha.