Usiweke kete kwa sababu tu inageuza nyingi

Swali: "Nimeanza Othello, ule mchezo wa ubao wa kugeuza kete, hapa Lamu. Mzee mmoja barazani, fundi wa dama, ananiambia nigeuze kete nyingi kila zamu, kona zitakuja zenyewe. Ni kweli?"

Ndugu yangu, acha hapo hapo! Usicheze mchezo mwingine mpaka usome hili.

Ushauri huo huo nilipewa na mimi, pale Mkomani, na mtu anayeheshimika sana kwenye dama. Hajui Othello na hakusema hajui. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kwenye dama kete ukishaila imetoka ubaoni. Huku haitoki, inageuka rangi tu, na zamu ijayo mwenzako aweza kuigeuza tena.

Nikafuata. Katikati ya mchezo ubao ulikuwa wangu karibu wote, watu wakanipongeza. Kisha nikatafuta pa kuweka nikakuta b2 na g7 tu, miraba iliyo mshazari na kona. Tazama ilivyokuwa. Ili uweke kete lazima ubane kete ya mpinzani kati ya hiyo unayoweka na nyingine yako. Nilikuwa nimezigeuza zake karibu zote, basi sikuwa na cha kubana. Zangu nazo zilikuwa zimetapakaa nje, zimegusa miraba mitupu kila upande, kwa hiyo yeye alikuwa na pa kuweka popote. Na sheria hairuhusu kupita zamu ukiwa na hatua halali, hata ikiwa ni hatua ya kukuumiza. Nikaweka b2. Kete yangu ya b2 ilikuwa mshazari na kona ya a1, na mbele yake kwenye mshazari huo kulikuwa na kete ya mpinzani. Akaweka a1. Kona haibanwi, maana nyuma yake hakuna mraba, kwa hiyo haigeuki tena mpaka mwisho. Kutoka hapo akajenga ukingo wa juu na wa kushoto, kete moja baada ya nyingine, zote zimeegemea kona, nami sina hata moja ya kugeuza. Alinishinda vibaya.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka kete, usihesabu unageuza ngapi. Hesabu mpinzani atabaki na hatua ngapi.

Toa ubao sasa hivi. Herufi a hadi h kutoka kushoto, namba 1 hadi 8 kutoka juu. Mwanzo nyeupe ziko d4 na e5, nyeusi d5 na e4. Mweusi anaanza f5, mweupe anajibu f6. Sasa mweusi ana hatua nne: c4, d3, e6 na f7. Kila moja inageuza kete moja tu! Kwa hesabu ya yule fundi zote ni sawa.

Jaribu f7. Mweupe anabaki na hatua sita: f4, d6, e3, c5, g5, g7. Rudisha, jaribu c4 au d3: kila moja inamwachia tano, c3, e3, c5, g5, f4. Rudisha tena, weka e6. Inageuza e5, na mweupe anabaki na f4 na d6 tu. Basi! Kete uliyoigeuza iko ndani, imezungukwa, inagusa miraba mitupu miwili pekee, na hiyo ndiyo miraba aliyobaki nayo. Kwa c4, d3 au f7, e5 ilibaki nyeupe katikati ya kete zako, ndiyo maana alipata njia kila upande.

Sisemi e6 imeshinda mchezo. f4 na d6 ni hatua nzuri kwake, mchezo unaendelea. Lakini ukimbana hivyo zamu hadi zamu, hatua zake salama zinakwisha, na zinazobaki ni b2, b7, g2, g7 au ile miraba ya ukingoni iliyoshikana na kona. Hapo ndipo kona inakujia bila wewe kuikimbilia.

Angalia mambo mawili. Usihesabu idadi tu, tazama ni hatua zipi: mpinzani mwenye hatua tano zote za kukupa kona yuko pabaya kuliko mwenye mbili salama. Na usimbane mpaka asiwe na hatua kabisa kabla hujajiwekea akiba ya hatua salama, kwa sababu akipita zamu, wewe ndiye unalazimika kuweka tena na tena, na hatua zako salama zinaisha kabla ya zake. Mimi nikiona amebaki na moja au mbili mbovu, naacha kubana, natafuta hatua ya ndani isiyofungua kitu.

Miraba mitupu ikibaki kama kumi, hapo ndipo kuhesabu kete kunaanza kuwa na maana. Kabla ya hapo, mzee akikuambia geuza nyingi, mwombe mkae mcheze, weka e6, kisha mwachie yeye ageuze.