Dola 1,500 za kujitolea Arusha

"Nipo Kanada, nasoma uhasibu. Kuna shirika linataka dola 1,500 nikajitolee wiki mbili kwenye kituo cha yatima Arusha. Nilipe?"

Ndugu, usilipe kwanza. Waombe mchanganuo kwa maandishi: malazi na chakula kiasi gani, kituo kinapata ngapi, ofisi yao inabaki na ngapi. Wakikujibu "zinasaidia watoto" tu, achana nao. Uliza na kibali, maana viza ya utalii hairuhusu kujitolea Tanzania. Thibitisha na Uhamiaji wenyewe.

Kulea watoto wiki mbili sikushauri. Wanakuzoea, unaondoka, na vituo vingine hukusanya watoto wenye wazazi hai ili wageni walipaji wasikose. Wewe una uhasibu: omba kumwelekeza mtunza hesabu wa kituo kufunga hesabu za mwezi, hata kwa mtandao.