Mzee akiegemea magoti, nawe unaegemea: mwili unavyoiga kwenye benchi la mauzo ya asali

Kaa pembeni utazame watu wawili wanaopatana bei ya asali chini ya mwembe, mjini Tabora au huko Sikonge. Mwanzoni kila mmoja ana mkao wake. Mfugaji nyuki ameinama, viwiko vipo juu ya magoti, na mnunuzi ameketi wima, amekunja nne. Zikipita dakika chache za salamu na habari za mvua, mnunuzi atakuwa ameshusha mguu na kuinama vilevile. Mzee akijikuna shavu, mkono wa mnunuzi nao utapanda usoni. Ukimuuliza baadaye kwa nini aliinama, atakwambia alichoka mgongo, na hatakuwa anadanganya. Hajui kwamba aliiga.

Heshima za kufundishwa ni jambo jingine. Mnyamwezi au Muha anayeinama na kupiga makofi taratibu anapomwamkia mkubwa anajua anachofanya, na asipofanya ataambiwa. Tunachozungumzia hapa hakifundishwi na mtu, na mwenyewe hakisikii kikitokea.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kuona tendo na kulitenda vimefungamana kichwani. Ukiona mkono unapanda usoni, sehemu ya ubongo inayoandaa tendo hilo huamka kidogo. Mara nyingi maandalizi hayo huzimwa kabla misuli haijasogea. Akili ikiwa imeshughulika na maneno, hesabu au sura ya mwenzako, hakuna anayelinda mlango, na tendo linapita. Wengi hupenda kusema chanzo ni zile seli za ubongo zinazoamka nyani anapotenda jambo na pia anapoona mwingine akilitenda, zilizogunduliwa huko Parma, Italia, miaka ya 1990. Ni kweli zilionekana, lakini kutoka kwenye nyani anayeshika karanga hadi kwa mnunuzi anayejikuna shavu pana safari ndefu, na wataalamu bado wanabishana. Maelezo mepesi zaidi ni mazoea. Tangu utotoni unaona mkono wako ukisogea wakati huohuo unapousogeza, mama anakuiga unapokunja uso, na kwenye ngoma mnainua mguu pamoja. Kwa miaka yote hiyo, kuona na kutenda vimetembea vikishikana mikono.

Jaribio lililoliweka jambo hili wazi lilifanywa na Tanya Chartrand na John Bargh wa Chuo Kikuu cha New York, likachapishwa mwaka 1999. Waliita hali hii athari ya kinyonga, maana mtu hubadilika kufuata alipo. Mwanafunzi aliketi na mtu asiyemfahamu, wakapeana zamu ya kueleza picha. Mtu yule alikuwa wa watafiti, na kazi yake ya siri ilikuwa ama kujipapasa uso, ama kutikisa mguu. Kisha mwanafunzi alihamia kwa mtu wa pili mwenye tabia ile nyingine. Waliokaa na mpapasa uso walijipapasa zaidi, na waliokaa na mtikisa mguu walitikisa zaidi. Hapakuwa na urafiki wala faida yoyote ya kutafuta, na bado mwili uliiga.

Katika jaribio la pili waligeuza mambo: safari hii mtu wa watafiti ndiye aliyemwiga mwanafunzi, kimyakimya. Kwenye kipimo cha alama 1 hadi 9, walioigwa walimpa alama 6.62 kwa kupendeka, na wasioigwa walimpa 5.91. Tofauti hiyo si kubwa, na ni vizuri kuikumbuka kabla ya kumwamini anayekuuzia semina ya kuwateka wateja kwa mkao. Lakini ilipatikana bila karibu mtu yeyote kushtuka kwamba anaigwa.

Kiasi cha kuiga hupanda na kushuka. Anayetaka kukubalika huiga zaidi, na aliyetoka kutengwa na wenzake humwiga zaidi mtu anayefuata kukutana naye. Wenye mazoea ya kujiweka katika nafasi ya mwenzao nao huiga kuliko wengine. Mara nyingi anayemhitaji mwenzake ndiye hufuata. Ndiyo maana kwenye lile benchi mnunuzi mgeni ndiye huwa wa kwanza kubadilisha mkao, hata kama fedha ziko mfukoni mwake.

Sasa tuliendee benchi lenyewe, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Tuseme mnunuzi anataka ndoo 10 za lita 20. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo iliyojaa ni kama kilo 28. Mzee anataja shilingi 7,000 kwa kilo, mnunuzi amekuja na 6,000 kichwani. Tofauti ni shilingi 28,000 kwa ndoo, yaani 280,000 kwa mzigo mzima. Wanazungumza nusu saa. Wameinama pamoja, vichwa vinatikisika kwa mpigo mmoja, na mnunuzi anasikia kifuani kwamba huyu mzee wanaelewana. Hapo anafanya makosa mawili. Anakubali 7,000, halafu anaona haya kuomba ndoo zifunguliwe, maana kupima asali ya mtu mliyepatana naye hivyo kunafanana na kumtilia shaka.

Hisia ile ya kuelewana ni ya kweli, ila haikutoka kwenye asali. Kwa sehemu imetoka kwenye viwiko na magoti. Mwili ulikubaliana kabla ya midomo, na akili ilipokuja kuulizwa ikakuta utulivu, ikadhani ni wa biashara. Ndoo zikifika mjini zikiwa na kilo 26 kila moja, kwa kuwa hazikujaa hadi juu, mnunuzi amelipia kilo 20 ambazo hazipo, sawa na shilingi 140,000. Na kama asali ilirinwa masega hayajafungwa kwa nta, unyevu wake unaweza kupita asilimia 20 hivi, nayo itaanza kuchachuka ndani ya ndoo. Tena mzee anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Naye ameigwa, naye amempenda mgeni wake, naye anaamini ndoo zimejaa.

Upo utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009 unaogusa jambo hilihili kwa upande wa uongo. Watu walizungumza na mtu aliyesema ametoa fedha za msaada, lakini baadhi ya wasemaji hao hawakuwa wametoa kitu. Wasikilizaji walioambiwa wasiige mienendo ya msemaji walimtambua mwongo vizuri kuliko walioiga. Anayeiga huonja hisia za mwenzake, na mwongo anayeigiza ukweli anakuonjesha huo ukweli wa kuigiza.

Kwa hiyo ushauri wetu ni wa mpangilio wa kazi. Pima kwanza, kaa baadaye. Ukishaamkia, omba kuona ndoo mkiwa bado mmesimama, weka mzani, chukua tone kwa kipima unyevu, andika namba kwenye daftari. Namba iliyoandikwa kabla ya maongezi haibadilishwi na mkao. Kisha kaa, ongea, acha mwili uige unavyotaka, maana mtu akikaa kama gogo kwa nusu saa mazungumzo hupoa na mzee hujiuliza amemkosea nini mgeni. Ikifika zamu ya kutaja bei, vunja mkao: inuka kidogo kama unayetafuta maji, rudi ukae miguu yote miwili chini, daftari mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Mikono yenye kazi haiigi kwa urahisi. Soma namba zako, ndipo useme. Dakika mbili au tatu za kutoiga zinatosha, na baada ya hapo rudi kwenye mkao wowote.

Wengine watauliza: je, nikimwiga mzee makusudi ili anipende? Linawezekana, ila huharibika kwa urahisi, na kinachoharibu zaidi ni kasi. Ukisogea papo hapo anaposogea, anakuona. Mwaka 2005 Jeremy Bailenson na Nick Yee walitumia sura ya mtu iliyotengenezwa kwa kompyuta, ikarudia mienendo ya kichwa cha msikilizaji baada ya sekunde 4. Wasikilizaji waliikubali hoja yake zaidi, na wengi hawakugundua kitu. Anayejaribu makusudi hasubiri sekunde 4. Tena akili inayohesabu sekunde haisikilizi bei, nawe unarudi na mzigo mbaya na tabasamu zuri.

Yapo pia ya kutoiga kabisa. Usiige kigugumizi, kuchechemea, kupepesa jicho wala lafudhi. Mgeni anayejaribu kuongea kwa mvuto wa Kiha pale Kasulu bila kuijua lugha huonekana anakejeli, hata kama nia yake ni safi. Na mzee akinyosha miguu au akikunja nne mbele yako, hiyo ni haki ya umri wake. Kijana akifuata, atahesabiwa hana adabu. Hapo mila inauzuia mwili, na ni vizuri uiache iuzuie.

Ukitaka kujua wewe mwenyewe huiga kiasi gani, simu inatosha. Omba ruhusa ya mwenzako, iegemeze simu mahali inapowaona nyote wawili kuanzia miguuni, na rekodi dakika 10 za maongezi ya kawaida. Tatu za mwanzo ziache, maana wote mtakuwa mnaikumbuka kamera. Tazama zilizobaki bila sauti. Kila mwenzako anapobadilisha mkao au kugusa uso, andika muda, kisha angalia kama wewe umefanya vilevile ndani ya sekunde 10.

Usisimame hapo, maana kila mtu hujikuna na nyingine zitakuwa zimegongana tu kwa bahati. Chukua mienendo ya mwenzako ya nusu ya kwanza uilinganishe na ya kwako ya nusu ya pili, na yake ya nusu ya pili na ya kwako ya nusu ya kwanza, kana kwamba imetokea kwa wakati mmoja, uhesabu tena zote kwa kanuni ileile. Hesabu hiyo ya pili ndiyo bahati. Kama ya kwanza ni 9 na ya pili ni 3, umeiga. Zikikaribiana, usijipe sifa wala lawama: dakika 7 ni kidogo, rekodi siku nyingine. Na kabla ya kuhesabu kuinama, angalia mlikalia nini. Benchi lisilo na egemeo humlaza kila mtu juu ya magoti yake baada ya muda, hata akiwa amekaa peke yake.