Jiko la kwenye picha na jiko la kwenye mizani: yaliyonikuta mimi na wifi yangu

Juzi usiku nimemaliza kuosha masufuria nikakuta picha wasap, dada mmoja wa Makambako kanitumia. Jiko la bluu limewekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi, chini kaandika: "Dada shikamoo, hili ni banifu kweli au naibiwa? Muuzaji anasema linapunguza mkaa nusu kwa nusu, anataka elfu 25." Nikacheka peke yangu mpaka baba watoto akauliza kuna nini, maana jiko kama lile lile ninalo stoo, mwaka wa pili huu, kuku anatagia humo.

Sasa mdogo wangu ngoja nikujibu vizuri, ila lazima nianzie kwangu.

Mi nauza wali maharage hapa Mbeya, pale Mafiati, na mnajua maharage ndo adui wa mkaa. Huku kwetu tuko juu, kama mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu au hapo hapo, hayafiki 100 kama Dar, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva hata ukoleze vipi. Ndo maana mtu wa pwani akikwambia jiko lake linaivisha kwa mkaa kiganja kimoja we msikilize tu, usigombane nae.

Basi nikaona picha kwenye grupu, jiko lina kiuno, yani pana juu, jembamba katikati, pana tena chini. Nikajua ni lile lenyewe kwa sababu mtindo huo tumeuzoea, ulitengenezwa Kenya miaka ya 1980 kwa kuiga majiko ya ndoo ya Thailand, ndani linakuwa na udongo wa kuchoma. Nikatuma hela, jiko likaja na basi, limefungwa vizuri kabisa. Wifi yangu alikuwepo siku nawasha mara ya kwanza. Saa moja haijaisha nimeongeza mkaa mara mbili, akaniangalia akasema, "Wifi, hili jiko lako la kuokoa mkaa mbona linaomba mkaa?" Hilo neno lilikaa ukoo mzima. Mpaka kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka watu wananiuliza jiko langu linaendeleaje.

Hasira ndo zikanifanya ninunue mizani, ile ya kidijitali ya kupimia unga wa keki, na hapo ndo nilianza kujifunza.

Nilichofanya ni hiki. Napima mkaa gramu 1,500 naweka kwenye ndoo, huo ndo wa kupikia leo, sichoti pengine popote. Kilo moja ya maharage ya gunia lile lile, sufuria lile lile na mfuniko wake, maji nimepima kwa jagi. Yakiiva (naminya punje kwa vidole, ikipondeka bila ubishi imeiva) natoa makaa yote yaliyobaki jikoni nayatia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko yazime kwa kukosa hewa, simwagii maji hata tone, maana ukimwagia maji utapima maji. Yakipoa nachekecha majivu, napima kilichobaki pamoja na cha kwenye ndoo, natoa kwenye 1,500, jibu ndo mkaa ulioliwa.

Jiko la bati la kawaida nililipima siku tatu: 1,010, 1,080, 1,030. Wastani 1,040. Jiko langu la kiuno siku ya kwanza likala 870, nikaruka, nikataka kumpigia wifi usiku ule ule. Bahati sikupiga. Asubuhi nikagundua siku ile mkaa wa kawaida ulikuwa umeisha nikachukua wa miwati uliotoka Njombe, mkaa mgumu mzito, unakaa, wakati la bati nililipima kwa ule mchanganyiko mwepesi unaovunjika kwenye gunia. Nikarudia kwa mkaa ule ule mara tatu, wastani ukaja 980. Gramu 60 za tofauti! Hizo hata upepo wa mlangoni unaweza kuzileta.

Nikalibeba jiko kwa fundi mmoja wa majiko mzee, sitaji jina hakuniruhusu. Hakuuliza kitu, alilowesha kidole akasugua ndani, kidole kikatoka na tope. "Huu haujachomwa, mama." Ni udongo mbichi umepakwa kwenye bati ukakauka juani, mwembamba kama chapati, halafu ukingo wa juu ukapigwa rangi ya silva usiuone. Udongo uliochomwa tanuru ukiugonga na sarafu unalia kama kikombe, na ukiulowesha unakunywa maji lakini hautoi tope. Akanionyesha na mlango wa majivu, haufungi, umeachia nafasi ya kidole pembeni, na jiko la mkaa linaendeshwa na ule mlango. Ukiwa wazi hewa inaingia kwa wingi moto unakuwa mkali, maharage yakishachemka unatakiwa uubane ili mkaa uliwe polepole. Mlango usiobana ni kama bomba lisilo na koki. Tena mdomo wake ulikuwa mpana kuliko sufuria langu, na mdomo mpana unakushawishi ujaze, ukijaza vyote vinawaka, jiko halijui kwamba we unapika kilo moja tu.

Kwake nikanunua lingine, elfu 28, baya hilo mpaka aibu, halina rangi hata kidogo, ila udongo wake unaonekana juu kabisa, mwekundu kama tofali, mnene kama kidole gumba. Siku tatu: 660, 610, 650. Wastani 640. Kutoka 1,040 mpaka 640 ni gramu 400, karibu asilimia 38, sio nusu kwa nusu, na anayekwambia nusu muulize alipima na nini. Sado ya mkaa kwangu inaingia kama kilo moja na wakati ule nilikuwa nanunua 2,500, kwa hiyo gramu 400 ni shilingi 1,000 kila sufuria la maharage. Masufuria 28 jiko limejilipa. Mi napika kila siku isipokuwa Jumapili, mwezi na siku chache tu. Wifi nilimtumia picha ya mizani, akanijibu kwa kidole gumba kimoja. Kimoja tu!

Lakini niseme na ubaya wake maana mi sio muuzaji. Nilipima na chai, lita mbili za maji, bati ikala 210, la udongo 200. Hakuna kitu hapo. Udongo wenyewe ni mzito, unakunywa moto wa mwanzo kabla haujaanza kuutunza, kwa hiyo kwa kitu cha dakika ishirini hauoni faida, faida iko kwenye maharage, makande, supu ya kongoro. Kama nyumbani kwako ni chai na ugali wa haraka usije ukanilaumu. Na usilizime kwa maji likiwa la moto, udongo unapasuka, ufa ukipita mpaka nje hewa inaingia pembeni na umerudi kwenye bati. Halafu, na hapa nitawaka kidogo, baridi ya Juni na Julai mnaingiza majiko chumbani mnasema hili banifu halina shida. Jamani. Mkaa ule ule, hewa ile ile yenye sumu isiyo na harufu, na ukibana mlango ndo kabisa. Linapunguza mkaa, haliondoi sumu. Lipikie nje au penye upepo, ukilala liwe nje.

Haya, dada wa Makambako, turudi kwenye picha yako.

Kwanza kiuno hakinipi jibu. Kukunja bati likawa na kiuno kila fundi anaweza, hata langu la kuku lina kiuno. Nilichotafuta kwenye picha yako ni ukingo wa juu, na ukingo wako umepakwa silva kuzunguka kote, kwa hiyo hapo sioni udongo wala unene wake. Sijasema ni feki, nimesema limefichwa. Pili, umepiga kwa mbele ukiwa umesimama, kwa hiyo ile sahani ya matundu ambayo mkaa unakalia siioni, sijui ni udongo au ni bati lililotobolewa kwa msumari. Ya bati inaungua, inajikunja, kabla ya mwaka mkaa unadondokea kwenye majivu ukiwa haujaisha, na huo nao ni mkaa umeliwa. Tatu, mlango umefungwa kwenye picha na upande wa kulia kuna mstari mweusi. Inaweza kuwa kivuli. Inaweza kuwa ndo ile nafasi ya kidole.

Kwa hiyo nilikwambia upige nyingine tatu, na kiberiti kikiwa pembeni ili nijue ukubwa: moja kutoka juu, jiko tupu, mchana sio kwa taa ya simu, nyingine mlango ukiwa wazi kamera imeinama usawa wa mlango, na ya tatu limepinduliwa nione chini. Ya chini watu wanaisahau ila inaweza kuonyesha kama kati ya bati na udongo kumejazwa simenti yenye kitu cha kuzuia joto au kuko wazi tu. Hata na hizo tatu, kuchomwa kwa udongo hakuonekani kwenye picha. Hiyo ni kidole chenye maji na sarafu, lazima uende mwenyewe.

Na ukishanunua, kabla hujaanza kulisifia au kulitukana, pima la zamani na jipya kwa mkaa wa gunia moja. Masika haya mkaa unalowana barabarani kabla haujafika kwako, gunia la leo na la wiki ijayo sio kitu kimoja, na ukichanganya utajidanganya kama mi nilivyotaka kujidanganya na ule wa miwati.

Najua wengine mtaniambia nihamie gesi, na serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 yetu tuwe tunapikia nishati safi. Gesi ninayo, ndo inapika ile chai. Maharage ya kuuza kwa gesi bado hesabu yangu haijakubali, ikikubali nitaandika, na namba nitaweka.

Jana jioni dada kanijibu. Picha ya kwanza kaipata, na ya mlango kaipata, mwanya upo kweli, kiberiti chenyewe kinaingia kwa ubavu. Ya tatu hana. Anasema alipomwomba muuzaji alipindue, muuzaji akamwambia jiko halipigwi picha tumboni.